Mjadala: Kuchota akiba ya uzeeni mwenyewe, asilimia 6 kwa mwaka ni nyingi?

Swali: "Nina miaka 60, akiba yangu ni milioni 10, na sitaki kuikabidhi kampuni ya bima inilipe pensheni ya maisha. Mfuko wangu umekuwa ukileta wastani wa asilimia 8 kwa mwaka. Nikichota 6 tu, nitaishiwa vipi?"

Kijana wa Hisa: Huishiwi, mzee wangu. Unakula faida, mtaji hauguswi, na asilimia 2 zinabaki ndani. Bima ukiwapa leo ukafariki mwakani, hela imebaki kwao.

Mhasibu Mstaafu: Mdogo wangu, wastani hauchotwi. Kinachochotwa ni kile kilichopo mfukoni mwaka huo. Tuchukue miaka mitatu: soko linashuka asilimia 20, mwaka wa pili limesimama, wa tatu linapanda 25. Asiyechota kitu anarudi kwenye milioni 10 kamili. Sasa mzee wetu anatoa 600,000 kila mwanzo wa mwaka. Mwaka wa kwanza zinabaki milioni 9.4, soko likishuka zinakuwa 7.52. Anatoa tena, zinabaki 6.92. Anatoa mara ya tatu, zinabaki 6.32, na kupanda kwa 25 kunamfikisha milioni 7.9.

Geuza mpangilio, neema ianze na hasara ije mwisho. Soko ni lilelile, uchotaji ni uleule, lakini anamaliza na milioni 8.44. Tofauti inakaribia matumizi ya mwaka mzima, na imetokana na nini kilitangulia, basi. Vipande alivyouza wakati bei iko chini havikuwepo soko lilipoinuka. Kuanzia hapo 600,000 zake si asilimia 6 tena, zimekuwa 7.6 ya kilichobaki.

Kijana wa Hisa: Sawa, lakini soko hurudi.

Mhasibu Mstaafu: Hurudi kwa waliobaki nacho. Na hapo sijagusa mfumuko wa bei. Ukiwa asilimia 5, ile 8 yako kwa nguvu ya manunuzi ni kama 3. Mtaji "usioguswa" unaliwa kimyakimya.

Binti wa Mama: Mimi nalizungumzia la nyumbani. Mama alistaafu na 55, sasa ana 94. Miaka 39. Akiba yake iliisha zamani, tunachanga ndugu wanne kila mwezi, na mmoja kila mara "amesahau". Hizo asilimia zenu zilipigiwa hesabu ya kuishi miaka mingapi?

Mhasibu Mstaafu: Swali la maana, dada. Ile asilimia 4 inayotajwa sana ilitoka kwa mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, mwaka 1994. Alipima kumbukumbu za masoko ya Marekani tangu 1926, akiba ikiwa nusu au zaidi kwenye hisa na iliyobaki kwenye hatifungani, akitaka idumu miaka 30. Unachota 4 ya akiba mwaka wa kwanza, halafu unapandisha kiasi hicho kulingana na bei za vitu. Waliobanwa zaidi walistaafu mwishoni mwa miaka ya 1960, mfumuko mkali wa miaka ya 1970 ukawakuta. Bengen mwenyewe baadaye aliipandisha kidogo. Lakini miaka 39 ni hesabu nyingine, soko la nchi nyingine ni hesabu nyingine, na makato ya meneja wa mfuko hayakuwemo.

Mwalimu wa Hesabu: Mbona mnang'ang'ania kiasi kisichobadilika? Achote asilimia 6 ya salio la kila mwaka. Kwa hesabu hiyo salio haliwezi kufika sifuri.

Mhasibu Mstaafu: Haliwezi, kweli. Ila kwenye mfano wetu, mwaka wa pili anapata 451,200 badala ya 600,000. Kodi ya nyumba na dawa havishuki kwa robo. Mimi ningekubali kubadilika kwa mipaka: mwaka wa hasara usipandishe, na uchotaji ukizidi asilimia fulani ya salio, punguza sehemu ya kumi.

Binti wa Mama: Kwa hiyo bima?

Mhasibu Mstaafu: Kwa sehemu. Bima inaweza kumlipa mwenye 94 kwa sababu fedha za waliofariki mapema zinabaki kwenye chungu hicho. Mtu mmoja peke yake hana chungu hicho. Lazima ajiwekee kana kwamba atafika 100. Ningeangalia pensheni ya maisha itoshe chakula, dawa na makazi, mengine achote. Aulize kama malipo yanapanda na bei, maana ya kiwango kimoja huyeyuka.

Muulizaji: Nimewasikia. Nitaanza na 4, sehemu ya akiba niiweke kwenye hatifungani fupi nisilazimike kuuza hisa zikiwa chini. Bima nitaipima tena nikifika 75.

Kijana wa Hisa: Hapo sasa! Kwa 75 hata malipo yao yanakuwa manono zaidi.

Mhasibu Mstaafu: Ikiwa ile miaka 15 itamwachia cha kununulia.