Tangazo la mlinzi wa usiku: "mshahara hulipwa pindi mteja atakapokuwa amelipa". Hivi hawa watu wanatuonaje?

BuchaLaMtaa (mleta uzi)

Wakuu, salamu baadaye, kwanza nipumue.

Limetoka tangazo la kazi leo asubuhi na mnajua la nani. Sitaji mtu. Wale wale, ambao kwenye magari yao wamechora tai utadhani wanalinda benki kuu, kumbe wanalinda duka la vigae. Nanukuu kama lilivyo:

Walinzi wa usiku, nafasi 12. Kuripoti lindoni saa 11:30 jioni kwa ukaguzi wa sare na kukabidhiana. Zamu ni saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, siku sita kwa wiki. Doria kila saa moja na kusaini vituo vinne vya uzio. Kuandika kitabu cha matukio, kuwasha na kuzima taa za nje, kukagua makufuli. Marufuku kusinzia, marufuku simu. Mshahara 234,000.

Sare: mashati mawili, suruali mbili, buti, mkanda, bereti, sweta. Itakatwa 90,000 kwa miezi miwili.

Uhakiki: NIDA, barua ya serikali ya mtaa, alama za vidole polisi, cheti cha mgambo au JKT, vipimo vya afya, wadhamini wawili WENYE NYUMBA.

Haya, nimevumilia mpaka hapo. Nyumba sawa, wajomba wapo. Mstari wa mwisho sasa:

"Mshahara hulipwa kuanzia tarehe 5, pindi mteja atakapokuwa amelipa."

Pindi. Mteja. Atakapokuwa. Amelipa.

Yaani mimi nikague makufuli kila saa, mbu wa Msasani wanichune mpaka niishiwe damu, halafu tarehe 5 nikaulize kama yule bosi wa vigae amejisikia kulipa? Neno lenyewe "kuanzia"! Kuanzia tarehe 5 mpaka lini, mpaka Masihi arudi? Mwenye nyumba wangu naye nimwandikie "kodi italipwa pindi mteja atakapokuwa amelipa"?

Nimemaliza. Sijamaliza. PINDI!

Kibwagizo88

Mkuu unalia kama umeshaajiriwa, hata wadhamini huna 😂

ChaiRangi

Nafasi bado zipo? Barua inatumwa kwa njia gani?

MzeeWaZamu

Mleta uzi kelele nyingi, lakini pale alipoguna pana tatizo kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mshahara ulipwe siku ya malipo mliyokubaliana. Siku, si msimu. Mkataba wako ni wewe na kampuni. Mwenye vigae hayumo humo, hakukuajiri na huwezi kumdai. Akichelewa kulipa, hilo ni deni la kampuni na mteja wake wamalizane.

Ila hiyo tarehe imewapumbaza nyote mkaacha kupiga hesabu ya saa. Wekeni kalamu mezani.

Saa za kawaida kwa wiki ni 45. Mshahara wa mwezi ukitaka kuujua kwa saa, unagawa kwa 4.333, kisha kwa 45. Hiyo ni kama kugawa kwa 195. 234,000 kwa 195 ni 1,200 kwa saa. Sasa zamu ya saa 12, toa saa moja ya mapumziko, zinabaki 11. Mara siku sita ni 66. Toa 45, zinabaki 21 za ziada kila wiki, na kila moja inalipwa mara moja na nusu, yaani 1,800. Hiyo ni 37,800 kwa wiki, na wiki nne ni 151,200 ambazo tangazo halikuzigusa kabisa.

Halafu kuna usiku. Kisheria usiku ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ya hapo inaongezwa angalau asilimia 5. Kwake ni shilingi 60 kwa saa. Ndogo, ndiyo, lakini haimo.

BuchaLaMtaa

Mzee ahsante ila turudi kwenye PINDI.

Wakili_Kijiweni

Mzee umepotosha. Sheria hiyo hiyo inaruhusu zamu ya saa 12 bila ovataimu mkikubaliana kwa maandishi. Kampuni zote zinasainisha hiyo karatasi siku ya kwanza. Kwa hiyo hiyo 151,200 yako ni ndoto.

MzeeWaZamu

Mwanangu, umesoma nusu ukafunga kitabu. Hiyo ni wiki iliyobanwa. Mnaweza kukubaliana saa 12 kwa siku, pamoja na muda wa kula, lakini si zaidi ya siku tano kwa wiki, na zile 45 za kawaida hazivukwi bila ovataimu. Tangazo linasema siku sita. Karatasi ya siku ya kwanza haigeuzi sita kuwa tano.

Na hata ovataimu yenyewe ina kikomo, saa 50 kwa kila wiki nne. Hapa tumepata 21 mara nne, 84. Kwa hiyo hata wangelipa kila senti, bado ratiba yao haisimami. Dawa yake kila mwenye malindo anaijua, ni mlinzi wa tatu wa kuzunguka. Hawamtaki kwa sababu mteja analipia vichwa viwili tu.

Wakili_Kijiweni

Sawa kwa siku tano nimekubali. Lakini saa ya mapumziko umeitoa kirahisi mno. Lindo la mtu mmoja, anapumzikia wapi? Akiondoka getini ameacha lindo, anafukuzwa. Mapumziko unayotakiwa kuwa tayari kazini yanalipwa. Basi ziada si 21, ni 27.

MzeeWaZamu

Hapo umenipata nusu. Kama ni peke yake getini, nakubaliana nawe. Kama wapo wawili wanapokezana, kampuni itasema alipumzika, na ushahidi utakuwa kitabu cha matukio. Ndiyo maana nasema mlinzi aandike mwenyewe: "saa 7:00 usiku, nimekula nikiwa getini, hakuna wa kunipokea." Wengi wanaandika "hali shwari" kuanzia jioni mpaka asubuhi, halafu wakidai hawana hata mstari mmoja.

ChaiRangi

Wakuu nimeuliza barua inatumwa wapi? Cheti cha mgambo ninacho.

Kibwagizo88

Tuma kwa tai wa kwenye gari

MwenyeMalindo

Mnatukana bila kujua biashara. Ankara inapelekwa mwisho wa mwezi, mteja ana siku 30 za kulipa, na wengine wanachukua 60. Wakati huo unatakiwa uwe umeshalipa walinzi, NSSF, mafuta ya gari la doria. Kampuni ndogo haina mtaji wa kukopesha mteja miezi miwili. Tangazo angalau limesema ukweli. Wengine wanaandika tarehe 28 na wanalipa tarehe 15.

BuchaLaMtaa

Aaah! Kwa hiyo mtaji huna, ukaona mlinzi wa 234,000 ndiye akukopeshe? Mwenye vigae anakopeshwa na mlinda vigae? PINDI!!!

MzeeWaZamu

MwenyeMalindo amesema kweli kuhusu ankara, na mleta uzi amemjibu vizuri japo kwa makelele. Anayeingia biashara ya ulinzi bila akiba ya mishahara ya miezi miwili anawafanya walinzi wake kuwa benki. Andika tarehe moja. Hata ukiandika tarehe 10, mtu atajipanga, atamwambia mwenye nyumba wake. "Kuanzia" haipangiki.

DadaTausi

Mimi langu ni tofauti. Shemeji yangu alikuwa lindo la kwenye mnara, wakaiba betri mbili usiku, kampuni ikakata mshahara wote wa miezi mitatu. Alisaini fomu eti "nitawajibika kwa upotevu wowote". Hapo anafanyaje?

MzeeWaZamu

Dada pole. Kukata kwa ajili ya hasara kuna masharti. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake, apewe nafasi ya kujieleza kabla, wasikate zaidi ya hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara. Mshahara wote hapana, hata angesaini kwa damu. Aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ajaze Fomu Na. 1. Madai yasiyo ya kuachishwa kazi yana siku 60 tangu yatokee. Zikipita anaomba kuongezewa muda na lazima aeleze sababu. Kama aliachishwa kabisa, ni siku 30 tu, asizembee.

Na hili liwafikie wanaotafuta wadhamini. Isomeni fomu ya mdhamini kabla ya kumpelekea mjomba. Kuna fomu inasema mdhamini anamfahamu mwombaji na atasaidia kumpata akitoroka. Hiyo ni sawa. Nyingine, kwa maandishi madogo chini, inasema mdhamini atalipa mali itakayopotea. Ndiyo maana wanataka wenye nyumba. Mjomba anadhani anathibitisha tabia, kumbe ameweka nyumba rehani ya vigae.

KasukuWaMombasa

Huku kwetu Kenya mwaka 2024 mamlaka ya ulinzi binafsi ilitangaza kima cha 30,000 kwa walinzi wa Nairobi, mambo yakaishia mahakamani. Nyinyi shukuruni mna tangazo lenye tarehe.

BuchaLaMtaa

Tarehe ipi sasa ndugu? KUANZIA si tarehe!

GhorofaYaPili

Mnatetea walinzi, mbona hamsemi wanavyolala? Wa kwetu ukirudi saa 8 usiku unapiga honi mpaka mtaa mzima unaamka, yeye tu ndiye hasikii.

Wakili_Kijiweni

Saa 12 kwa siku sita wiki nzima, wewe ungekuwa macho?

GhorofaYaPili

Ndiyo anacholipiwa!

Kibwagizo88

Halipwi lakini. Anasubiri mteja.

DadaTausi

Na hiyo 90,000 ya sare? Ukiacha kazi unarudisha nguo au unabaki nazo?

MzeeWaZamu

Swali zuri na hapa watu wanabishana. Kama umekatwa bei yote, ni zako, wang'oe beji tu. Kampuni wanasema ni amana, lakini siku ya kurudisha wanakagua, bereti imepauka, buti limechanika, amana inayeyuka. Dai risiti ya makato kila mwezi na iandikwe "sare" au "amana". Mimi naona bereti na beji ni vya kampuni na asilipie mlinzi, lakini nimeshaona usuluhishi ukiisha kwa kugawana nusu.

MwenyeMalindo

Sare moja ikipotea inatumika kuingilia majumbani kuiba. Msiseme tunakata kwa uroho.

Kibwagizo88

Tuongelee mbwa basi. Mbwa wa hiyo kampuni anakula nyama kila siku na hasubiri mteja alipe. Sare hakatwi. Wadhamini hana.

GhorofaYaPili

Na mbwa halali zamu 😂😂

KasukuWaMombasa

Mbwa wa kwetu analala pia.

GhorofaYaPili

Basi na kwenu piga honi.

ChaiRangi

Nimepata namba ya ofisi, nimepiga. Wamesema nafasi zimebaki tatu, nije na picha nne za pasipoti. Kuna mtu mwenye nyumba hapa anaweza kunidhamini?