Tupeane uzoefu: ukishuka treni Dodoma, unaita gari hapo hapo au unasubiri bei ishuke?

Mkazi wa Area D: Wakuu, mnaotumia treni ya mwendokasi kutoka Dar mtanielewa. Watu wanashuka kwa mkupuo, kila mmoja kashika simu anaita gari. Juzi usiku teksi mtandao iliniandikia 13,500 mpaka nyumbani, njia ambayo siku za kawaida haizidi 7,000. Teksi za pale nje wakang'ang'ania 15,000. Nikakaa juu ya begi kama dakika ishirini, nikaangalia tena: 8,000. Nyie huwa mnasubiri?

Usukani Mtupu: Mimi dereva. Bei inapanda kwa kuwa maombi yamemiminika sehemu moja na magari yasiyo na abiria ni machache. Sisi tulioko Majengo na Makole tukiona eneo limewiva kwenye ramani tunakimbilia huko. Tukifika wengi, bei inalala, na mafuta tumeshachoma! Ila usisubiri kila mara. Saa nane usiku bei ikiwa juu, si wingi wa abiria, ni madereva wamekwenda kulala. Hapo ukingoja, na waliobaki wanazima simu. Angalia vigari kwenye ramani: vikiongezeka, tulia, vikipungua, panda.

Kibaigwa Boy: Siri ni kuzima simu na kuiwasha. Apu inajua una haraka, ukizima inakusahau.

Usukani Mtupu: Haha. Simu yako inachukua muda kuwaka, ndiyo maana. Ila kuangalia bei upya ni lazima, maana ukishakubali 13,500 ndiyo hiyo, hata wa nyuma yako akipata 8,000.

Mama Wawili: Hivyo vigari mimi siviamini. Kimoja kilionekana mlangoni kwangu, kumbe dereva yuko Nkuhungu.

Nzuguni Mpya: Samahani, nauli ya basi kwenda Singida imepanda?

Mama Wawili: Ndugu, hapa tunaongelea teksi.

Mtumba Kila Siku: Mnajitesa bure. Boda 4,000, begi linakaa mbele kwa dereva, umefika. Bei ya kijiwe haijui treni imeleta wangapi.

Mama Wawili: Inajua mvua lakini. Ikidondoka tone tu, 4,000 inakuwa 7,000. Halafu nipakie wapi watoto wawili na ndoo ya samaki?

Kijiwe cha Stesheni: Mnatusema sana. Hiyo 15,000 ni kwa sababu tunarudi tupu, na tumekaa kusubiri treni tangu jioni. Watu wakiisha, njoo na 10,000 yako tuongee.

Mkazi wa Area D: Kumbe hata nyie mnashuka?

Kijiwe cha Stesheni: Kama ni treni ya mwisho. Kama kuna nyingine njiani, 15,000 iko pale pale.