Tupeane uzoefu: kikumbusho cha abonema ya mwaka kiwekwe tarehe gani hasa?

Fundi_Himbi (Goma)
Wandugu, jambo. Abonema za mwaka ndizo zinazoponyoka mtu. Ya mwezi unaiona kila mara makuta yanapokatwa, lakini ya mwaka inalala miezi kumi na moja, halafu siku moja kadi inakatwa dola mia na kitu. Wengi wanajua kuweka kikumbusho kwenye telefone. Wanachokosea ni tarehe: wanaweka ile ile iliyoandikwa kwenye skrini kuwa ndiyo siku ya kujirudia, na siku hiyo mara nyingi pesa imeisha kuondoka.

Tuchukue mfano mmoja. Mpango wa mwaka umelipwa tarehe 12 Aprili 2025, na skrini inasema utajirudia tarehe 12 Aprili 2026. Ukiwa umelipia kupitia Apple, wao wanatoza ndani ya saa 24 kabla kipindi hakijaisha, ndiyo maana wanataka ukate angalau saa 24 mbele. Kwa hiyo tarehe 11 tayari ni siku ya hatari. Siku ya mwisho ya kukata kwa usalama ni tarehe 10, na hiyo 10 nayo siyo siku ya kuanza kutafuta nywila.

Mimi naandika vitu viwili kwenye kalenda. Cha kwanza ni siku ya kuamua, siku kumi hivi mbele. Kwa mfano wetu ni Jumatatu 30 Machi. Nimekwepa tarehe 3 Aprili kwa sababu mwaka huo ni Ijumaa Kuu, na Ijumaa Kuu hakuna mtu anayefungua kompyuta ya biro. Cha pili ni siku ya mwisho, Ijumaa 10 Aprili saa tatu ya asubuhi. Kwenye jina la kikumbusho usiandike "abonema" tu, mwaka ukipita hutajua ni ipi. Andika hivi:

```
KATA mpango wa tovuti, dola 120, akaunti ya biro, kadi ya 4417, mwisho 10 Aprili
```

Hiyo 4417 ni tarakimu nne za mwisho za kadi. Namba nzima ya kadi usiiweke kwenye kalenda hata siku moja.

Ninyi mnafanyaje?

Katuba_Net (Lubumbashi)
Mukubwa, hesabu ni nzuri, lakini kuna kosa linatangulia hilo: kusoma tarehe yenyewe. Sisi tumezoea siku kwanza, mwezi baadaye. Fakture ya Kiamerika inaandika 04/12/2026 na maana yake ni tarehe 12 Aprili. Wewe unasoma 4 Desemba, unaweka kikumbusho Novemba, unatulia. Aprili wanakata.

Namna ya kugundua ni rahisi: mpango wa mwaka unarudi siku na mwezi ule ule uliolipa. Kama risiti ya kwanza ni ya Aprili na unaona Desemba, basi umegeuza. Ukiwa na shaka fungua barua pepe ya malipo ya kwanza, tarehe ambayo Gmail yenyewe imeandika juu haidanganyi. Na kwenye kalenda andika mwezi kwa herufi, usiandike kwa namba.

Kadutu22 (Bukavu)
Mbona mnajisumbua? Miye natumia kadi ya virtual. Nikiisha kulipa naiacha bila hata senti moja. Siku ya kujirudia ikifika hawana cha kukata, abonema inakufa yenyewe. Kalenda ya nini?

Fundi_Himbi (Goma)
@Kadutu22 nusu ya hiyo ni kweli. Kadi tupu inakataa malipo, sawa. Lakini malipo kukataliwa siyo abonema kukatwa. Kwa abonema za Play Store, malipo yakishindikana Google hawafuti papo hapo: mara nyingi kunakuwa na muda wa kujaribu tena, halafu abonema inasimamishwa kwa muda ikisubiri. Sasa wewe ndani ya wiki hizo unaweka dola 40 kwenye kadi ile ile ili ulipie kitu kingine. Wanazikuta. Na kampuni zingine zinakutumia fakture na kusema una deni, kwa sababu masharti uliyokubali yalisema mpango unaendelea hadi utakapoukata wewe.

Kadi tupu iwe kufuli ya pili. Kufuli ya kwanza ni kubonyeza kitufe cha kukata.

Kadutu22 (Bukavu)
Sawa, hapo kwa kujaribu tena nakubali. Kumbe ndiyo maana naonaga ujumbe wa "malipo yameshindikana" ukirudi rudi. Lakini kadi ambayo umeifuta kabisa je?

Fundi_Himbi (Goma)
Hapo hawapati pesa kwenye kadi hiyo. Ila kama akaunti ina njia ya pili ya malipo imehifadhiwa, wanaweza kwenda kwa ile. Angalia orodha nzima ya njia za malipo kwanza.

Mama_Nguba (Bukavu)
Aksanti kwa mafundisho. Miye niko na jina la tovuti la .com la koperative yetu, linaisha Julai. Basi nilikate tarehe gani ili nisipoteze?

Katuba_Net (Lubumbashi)
Mama, hapana, usilikate! Wewe unataka kinyume: kukumbushwa kulipa ili lisipotee. Kwa jina la .com, sheria za ICANN, shirika linalosimamia majina ya tovuti duniani, zinalazimisha aliyekuuzia akutumie onyo karibu mwezi mmoja kabla, na tena karibu wiki moja kabla. Shida ni kwamba onyo linaenda kwenye barua pepe iliyoandikishwa siku ya kununua. Kama ni ya kijana aliyewatengenezea tovuti halafu akahamia Kolwezi, koperative haitaona kitu. Ingia leo uangalie ni barua pepe ya nani, na uweke ya koperative.

Ukichelewa, bado kuna nafasi ya kulipa bei ya kawaida, lakini siku ni za muuzaji: wengine wanaacha hadi 45, wengine chini sana ya hapo. Baadaye kuna siku 30 za kulikomboa kwa bei inayouma, kisha siku 5 za mwisho ambazo huwezi tena kitu, ndipo linaachiwa yeyote alichukue. Kikumbusho chako kiwe mwezi mmoja kabla. Na wenye .cd wasihesabu hivyo, ile ina utaratibu wake.

Mama_Nguba (Bukavu)
Sasa nimeelewa, mwanangu. Barua pepe ni ya huyo kijana kweli.

Biro_Kenya (Lubumbashi)
Swali juu ya saa. Kampuni nyingi ziko Amerika. Si tunapaswa kukata siku moja mbele zaidi kwa sababu wako mbali?

Fundi_Himbi (Goma)
Watu wengi wanadhani hivyo, lakini Amerika inatupa muda, haituibii. Goma, Bukavu na Lubumbashi tuko saa mbili mbele ya UTC, ile saa ya kimataifa ya kulinganishia. Kampuni inayohesabu kwa saa ya California, tarehe 12 Aprili yao inaanza wakati huku ni saa tatu ya asubuhi tarehe 12. Ikihesabu kwa UTC, inaanza saa nane ya usiku wetu. Wa kuogopa ni walio mashariki. Kampuni inayofuata saa ya Singapore, tarehe 12 yake inaanza huku ikiwa tarehe 11, saa kumi na mbili ya jioni. Mtu aliyejiambia "nitakata jioni ya 11 nikitoka kazini" amechelewa. Ukiweka mwisho tarehe 10 kama nilivyoandika, hesabu hizi zote hazikugusi.

Katuba_Net (Lubumbashi)
Niongeze upande wa telefone, maana tarehe inaweza kuwa sahihi na kikumbusho kisilie.

Kwanza, angalia kinahifadhiwa wapi. Unapounda tukio kuna mstari unaoonyesha kalenda: akaunti yako ya Google, au telefone peke yake. Ukichagua telefone peke yake, siku telefone inaibiwa au unaibadilisha, mwaka mzima wa vikumbusho umekwenda. Chagua akaunti.

Pili, Google Calendar inakubali onyo hadi wiki 4 kabla ya tukio, haiendi zaidi. Na tukio moja linabeba maonyo kadhaa. Kwa hiyo yule asiyetaka matukio mawili anaweza kuweka moja tarehe 10, na maonyo matatu: siku 11 kabla, siku 2 kabla, na siku yenyewe. Ongeza moja la barua pepe. Onyo la telefone linalia hata bila mega, mradi tukio lilikwisha kuingia humo, lakini la barua pepe ndilo utalikuta kama telefone ilikuwa imezimika siku mbili kwa sababu ya kukatika kwa umeme.

Tatu, telefone nyingi za bei nafuu zinafunga programu ili kulinda betri. Weka tukio la majaribio la dakika kumi zijazo, zima skrini, uone kama litalia. Lisipolia, ingia kwenye mpangilio wa betri na uiache kalenda huru.

Yaya_Birere (Goma)
Miye nakataa mambo yote haya ya tarehe. Kata siku ile ile unayonunua! Ukikata kwenye Play Store bado unatumia hadi mwaka uishe. Ingia kwenye picha yako juu, "Paiements et abonnements", kisha "Abonnements", kata, kwisha. Kwenye iPhone ni "Réglages", jina lako, "Abonnements".

Fundi_Himbi (Goma)
Kwa mpango uliolipiwa kwenye Play Store au Apple, yaya ana haki, na mimi mwenyewe napendelea hivyo. Lakini usiipeleke kila mahali. Kipindi cha majaribio cha bure cha huduma za Apple wenyewe, ukikata kinaweza kuishia pale pale. Na ukilipa moja kwa moja kwenye tovuti ya kampuni, kukata kunaweza kumaanisha kufunga akaunti na faili zako. Soma sentensi inayotokea kabla ya kuthibitisha: ikisema utaendelea kutumia hadi tarehe fulani, bonyeza. Ikinyamaza, rudi kwenye kalenda.

Kingine: ukiingia "Abonnements" ukakuta patupu wakati unajua ulilipa, usifikiri imejifuta. Abonema inakaa kwenye akaunti ya Gmail iliyonunua, badilisha akaunti uangalie tena. Na kufuta programu kwenye telefone hakukati kitu.

Biro_Kenya (Lubumbashi)
Na baada ya kukata, najuaje imekatwa kweli?

Katuba_Net (Lubumbashi)
Rudi ukurasa ule ule baada ya dakika chache. Maneno ya "itajirudia tarehe" yanapaswa kugeuka kuwa "inaisha tarehe". Yasipogeuka, ulisimama kwenye ukurasa wa kati, ule wanaokupa punguzo ili ubaki, kitufe cha kweli kiko chini yake. Piga picha ya skrini, uibandike kwenye tukio la kalenda.

Fundi_Himbi (Goma)
Mimi na Katuba tunatofautiana kwa jambo moja: kurudia kila mwaka. Yeye anaweka tukio lijirudie. Mimi siweki, kwa sababu ukipanda mpango mkubwa katikati ya mwaka tarehe inaweza kuhama, na kikumbusho cha zamani kinaendelea kulia siku isiyo yake. Naunda kipya kila ninapopata risiti.

Katuba_Net (Lubumbashi)
Na siku ukisahau kuunda kipya? Miye najirudishia, kisha narekebisha. Ila aliyelipa tarehe 29 Februari asirudie kwa tarehe hiyo, kalenda inaweza kuruka hadi 2028. Aweke 26.

Kadutu22 (Bukavu)
Bado moja. Kuna programu ya hesabu za duka ambayo haina kitufe, wanataka barua pepe siku 30 kabla. Siku hizo zinahesabiwa tangu nilipotuma au tangu walipojibu?

Fundi_Himbi (Goma)
Inategemea masharti yao, na mengine hayasemi. Tuma siku 45 kabla, na weka kikumbusho cha pili siku 5 baada ya kutuma, cha kuangalia kama wamejibu. Kama kuna aliyewahi kukatwa pesa akiwa ametuma zaidi ya siku 30 kabla, na wao wakajibu zikiwa zimebaki chini ya 30, atueleze walimwambia nini.