Wasifu wa Shangazi kabla ya Ijumaa

Rehema: Shikamooni wakubwa. Maombi ya ile SACCOS yanafungwa Ijumaa saa kumi jioni. Wasifu wa Shangazi Zai uko tayari, imebaki sehemu ya kompyuta tu. Naomba mawazo LEO.

Rehema: Jamani, naona mnasoma mnapita.

Baraka: Nimeweka hivi: "Mahiri katika programu zote za ofisi na mawasiliano ya mtandao." Ndivyo wanavyoandika wote.

Mjomba Kassim: Hata mimi barua pepe inakataa nywila tangu nibadilishe simu. Nani anisaidie?

Rehema: Mjomba tutakuja kwako. Kwanza Shangazi.

Salma: Baraka hiyo futa. Nimewahi kusimamia usaili wa makarani. Ukiandika "mahiri" unawekewa laptopu na shiti mbili, unaambiwa uvute salio la kila mwanachama kutoka moja kwenda nyingine. Shikamoo Shangazi, VLOOKUP umewahi kuitumia?

Shangazi Zai: Marahaba mwanangu. Hiyo siijui. Mimi naweka vitabu vya kikoba chetu kwenye Excel. Majina, mkopo, marejesho. Jumla naandika mwenyewe =SUM(C2:C31). Na kuna hii ya kuonyesha nani bado:

```
=IF(D2<C2,"Anadaiwa","Amemaliza")
```

Salma: Hiyo IF umeitunga mwenyewe?

Shangazi Zai: Aliniandikia binti wa jirani. Mimi naikokota mpaka chini, na safu zikihama nabadilisha herufi.

Salma: Basi tuandike hivyohivyo, kwamba unaitumia na kuirekebisha. Usiseme unatunga, maana watakupa sharti jipya hapohapo uandike. Haya, moja nyingine. Umepewa shiti, mtu kajaza 45,000/= na 30,000/=, SUM inaleta 0. Unafanyaje?

Baraka: Rahisi. Chagua safu, weka Number kwenye Format Cells.

Shangazi Zai: Hapana Baraka, haisaidii, nilishahangaika nayo. Ile /= inafanya Excel ione maneno, sio namba. Utaijua kwa kuwa imelala kushoto mwa seli, namba hulala kulia. Nabonyeza Ctrl+H, natafuta /= , chini naacha wazi, nabadilisha zote. Jumla inakuja 75,000.

Salma: Mnaona? Hiyo ndiyo ya kuandika. Wengi wenye vyeti hukwama hapo.

Juma: Kumbe ndiko zilikopotelea hela za harusi ya Neema 😂

Baraka: Juma usianze.

Juma: Nauliza tu. Michango ya Tanga iliandikwa na /= au bila?

Mama Neema: Hata mimi nilitaka kuuliza siku nyingi.

Rehema: HILO SI LA LEO. Shangazi, barua pepe?

Shangazi Zai: Kusoma na kujibu kila siku. Cc naijua, na Reply all siigusi kama jibu ni la mtu mmoja. Kuambatanisha faili kwa simu naweza. Kwa kompyuta napotea, sijui faili nimelihifadhi wapi.

Baraka: Hilo la kupotea tusiliandike jamani! Watamkata kabla ya usaili. Anashindana na vijana.

Salma: Hatuandiki kwamba anapotea. Tunaandika anachofanya, na kuambatanisha ajifunze kesho kabla hatujaliandika.

Baba Mkubwa: Nimesoma yote. Zainabu asiandikiwe kazi ambayo mikono yake haijafanya. Atakayekaa kwenye kile kiti ni yeye, si Baraka.

Baraka: Sawa Baba Mkubwa.

Rehema: Tumekusikia Baba Mkubwa. Salma andika.

Salma: "Ninatunza kumbukumbu za kikundi cha akiba kwenye Excel: mikopo, marejesho na salio. Ninaandika fomula za jumla, ninatumia na kurekebisha IF iliyopo, na ninasafisha takwimu zilizoingizwa kama maneno. Ninawasiliana kwa barua pepe kila siku."

Baraka: Niongeze "anajifunza VLOOKUP"?

Salma: Ameanza?

Baraka: Nitamwanzisha kesho.

Salma: Basi kesho tutaona. Akiulizwa amefika wapi, awe na la kuonyesha.

Shangazi Zai: Aje saa nne, nikirudi sokoni. Laptopu ya kikoba iko kwa mweka hazina, sijui kama atanipa.

Rehema: Nani mwingine ana laptopu? Juma?

Rehema: Juma naona uko hewani.

Juma: Yangu chaji haikai. Baraka si anayo ile iliyonunuliwa kwa michango?

Mama Neema: Eeh, ile.

Rehema: Baraka jibu basi, ili nijue kesho tunakutana wapi.

Mjomba Kassim: Na ile nywila yangu?