Naomba ushauri: kauli ya wifi imeniuma, nimwambieje mume wangu?

Wakuu, habari za jioni. Mimi nauza dagaa mwaloni Kirumba. Jumapili tulikuwa kwa wakwe Magu, wifi akasema mbele ya wageni, "Mke wa kaka anashinda mwaloni na wanaume, watoto wanalelewa na nani?" Watu wakacheka. Mume wangu naye akatabasamu, akaendelea kula.

Nikimwambia "dada yako ana dharau" atamtetea tu, maana ndiye aliyemsomesha. Kwa hiyo nafikiria kusema hivi, tukiwa wawili, watoto wamelala: "Baba Neema, ile kauli kuhusu watoto iliniuma, hasa wageni walipocheka. Sitaki umgombeze wifi wala uchague upande. Ikianza tena, sema tu kuwa hii kazi tuliipanga pamoja, kisha badilisha mada."

Hofu yangu ni ampigie wifi simu usiku uleule (namjua, hana subira), halafu mimi nionekane mchongezi. Nimwombe kabisa asipeleke maneno? Au niongee na wifi mwenyewe kwanza? Harusi ya shemeji inakaribia na sote tutakuwa jikoni. Mliopitia haya, mlisemaje?