Kompyuta za intaneti kafe Ngamiani: tatu zinajizima mchana, mbili zina kutu. Naomba ushauri

Mwana_Ngamiani
Wakuu, habari za saa hizi. Nina kafe ya intaneti hapa Ngamiani, Tanga, mashine nane za mezani. Mlango unatazama barabara ya vumbi. Tatu za mlangoni zinajizima kuanzia saa saba mchana, zikipumzika zinawaka tena. Mbili za kona ya ndani, chini ya kiyoyozi, haziwaki kabisa, zinapiga mlio tu. Nimefungua moja nikakuta ukungu wa kijani kwenye sloti ya ramu na skrubu zimeshika kutu. Fundi kaniambia ni umeme, ninunue stabilaiza. Nimsikilize?

Kaskazi77
Mkuu hamia faiba. Sisi kasi ilirudi siku hiyohiyo.

Mwana_Ngamiani
Kasi iko sawa ndugu yangu, mashine ndizo zinazokufa.

Fundi_Mzee
Stabilaiza subiri kwanza. Umeme mbaya hauchagui za mlangoni zizime na za kona ziote kutu. Nijibu: hizo mbili za kona wateja wanazitumia?

Mwana_Ngamiani
Mara chache sana mzee. Wanasema baridi inawapiga mgongoni.

Fundi_Mzee
Basi una magonjwa mawili. Za mlangoni zimeziba. Toa feni ya prosesa uone yale mapezi ya bati chini yake, utakuta blanketi la vumbi. Hewa haipiti, joto linapanda, mashine inajizima kujiokoa. Weka programu ya Core Temp. Ikisoma joto zaidi ya nyuzi 90 muda mfupi kabla ya kuzima, jibu ndilo hilo.

Za kona shida yake ni kulala. Mashine inayofanya kazi ina joto lake, unyevu hauikai. Iliyozimwa inapigwa baridi ya kiyoyozi kutwa, jioni unakizima na mlango uko wazi, hewa ya pwani inaingia na kutoa jasho juu ya bati kama chupa ya soda iliyotoka friji. Vumbi letu lina chumvi ya bahari, na unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75 chumvi hiyo inanyonya maji yenyewe. Hapo shaba inageuka kijani.

Jongoo_wa_Pongwe
Dawa rahisi: zipeleke kwa fundi matairi azipulize kwa kompresa, kisha ramu pulizia dawa ya kutu ya kopo. Mimi hufanya hivyo.

Fundi_Mzee
Kupuliza sawa, ila tangi la kompresa huku pwani linajaa maji. Lisipomwagwa kwanza, unaipulizia mashine mvua. Bluwa ndogo ya umeme inatosha, na ushike feni kwa kijiti isizunguke, ikikimbizwa na upepo inaharibika. Dawa ya kopo inaacha mafuta, na mafuta yanakamata vumbi. Ramu ifute kwa spiriti ya asilimia 99. Ile ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji, ukiitumia acha ikauke kabisa kabla ya kuwasha.

Dada_Stesheneri
Mimi niko Bagamoyo, masika printa yangu inavuta karatasi mbilimbili. Ni hayohayo?

Fundi_Mzee
Unyevu huohuo dada. Rimu ikifunguliwa irudishe kwenye mfuko wake na uufunge.

Mwana_Ngamiani
Mzee, sasa ratiba iweje?

Fundi_Mzee
Asubuhi deki kwa kitambaa chenye maji, usifagie kavu, maana ufagio unalirusha vumbi na feni zinalivuta. Washa zote nane kila siku hata kama wateja ni wawili, au waanzishie kona. Kiyoyozi kiweke 25 au 26, kielekeze juu. Sipiyu zitoke sakafuni. Ijumaa pitisha burashi laini ya rangi kwenye matundu ya nje. Kila mwezi fungua za mlangoni, uzipulizie nje ya chumba. Za ndani miezi mitatu. Pesti ya prosesa badilisha kila unapotoa kile kipoza joto. Pawa saplai puliza kwa nje tu, usiifungue, inahifadhi umeme hata ikichomolewa.

Mwana_Ngamiani
Mrejesho: za mlangoni nimezisafisha, leo saa tisa bado zinasoma 60 na kitu. Ya kona moja imewaka baada ya kufuta ramu. Ya pili bado inalia, nimehamisha ramu sloti zote.

Fundi_Mzee
Jaribu ramu ya mashine inayofanya kazi. Ikilia vilevile, kutu imeshakula sloti au njia za madabodi. Hapo nunua nyingine.

Jongoo_wa_Pongwe
Usiku zifunike na nailoni, mambo yataisha.

Fundi_Mzee
Nailoni inafungia unyevu ndani. Tumia shuka ya pamba, na mashine ziwe zimeshapoa.

Jongoo_wa_Pongwe
Zangu nafunika nailoni na zinadunda mzee.

Dada_Stesheneri
Wewe si uko Pongwe, mbali na bahari?