Mama ana presha, jino linamuua: Panadol, Brufeni au za mchanganyiko?

Mtoto wa Nansio: Wakuu, habari za jioni. Nipo Ukerewe na mama, ana miaka 61. Jino la nyuma limemtesa tangu juzi, na tunavuka kwenda Mwanza Jumatatu kung'oa. Anakunywa Panadol mbili mara nne kwa siku. Jana duka la dawa wakaongeza kidonge cha mchanganyiko, kutwa mara tatu. Anatumia dawa za presha, mojawapo ya kukojoza. Nimnunulie Brufeni?

Kirumba Boy: Brufeni ndiyo kiboko ya jino! Mimi nilikunywa ya 400 na Panadol mbili pamoja baada ya chakula, nikalala.

Dada Mfamasia: Kirumba Boy, kwa mtu mzima asiye na tatizo jingine uko sahihi. Ibuprofeni 400 pamoja na parasetamo gramu 1 hutuliza jino kuliko kila moja peke yake. Lakini bila daktari, ibuprofeni isizidi miligramu 1,200 kwa siku.

Kwa mama, hapana. Ibuprofeni hupandisha presha, na ikikutana na dawa ya kukojoza inaweza kuumiza figo. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au moyo, au pumu inayochochewa na dawa hizi naye aiepuke.

Mtoto wa Nansio, geuza pakiti ya huo mchanganyiko, usome maandishi madogo. Ndani kuna nini?

Mtoto wa Nansio: Diklofenaki 50, parasetamo 500.

Dada Mfamasia: Asimamishe leo hii. Diklofenaki ni ndugu wa ibuprofeni, kwa hiyo lile tulilolikwepa ameshalimeza. Halafu piga hesabu: Panadol nane za 500 ni 4,000, na hicho ndicho kikomo cha siku nzima. Mchanganyiko unaongeza 1,500, jumla 5,500. Ini ndilo linaloumia, na mtu anaweza asihisi kitu siku ya kwanza. Muwahi hospitali ya Nansio leo, hata kama yuko salama, mkiwa na pakiti zote. Asinywe parasetamo nyingine kabla ya kuonwa. Ana uzito gani?

Mtoto wa Nansio: Mwembamba, sidhani kama anafika 50.

Dada Mfamasia: Basi hata nane kwa siku ni nyingi kwake. Waambie uzito huo, wampangie dozi.

Mama Kijacho Igoma: Na mimi nina mimba ya miezi saba, jino linauma. Naweza Brufeni?

Dada Mfamasia: Usiguse, mama. Inaweza kudhuru moyo na figo za mtoto. Parasetamo, na kliniki wajue.

Mzee wa Mwaloni: Mpe amoksilini tu, jino litapoa.

Dada Mfamasia: Shikamoo mzee. Amoksilini haitulizi maumivu, na kama hakuna uvimbe wala homa mara nyingi haihitajiki. Ila shavu likivimba kushuka shingoni, mdomo ukigoma kufunguka au kumeza kukawa shida, msisubiri Jumatatu.

Mtoto wa Nansio: Shavu limevimba kidogo, ila anameza vizuri. Tunatoka sasa hivi, pakiti ninazo.